Pombe na maziwa ya mama: kwa nini "kikombe kimoja" si kipimo kimoja

Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilisimamisha msaada wa chakula kwa takriban wakimbizi milioni moja nchini Uganda kwa sababu ya upungufu wa fedha. Mgao unapokatwa, kila familia hutafuta shilingi inakopatikana. Kwa wanawake wengi katika makazi ya wakimbizi na vijiji jirani, kupika pombe ni kazi wanayoijua tangu nyumbani: kasiksi ya ndizi, pombe ya mtama, lotoko, waragi. Wengi wao wana watoto wachanga mgongoni, na mtoto hunyonya palepale pombe inapopikwa, inapoonjwa na inapouzwa.

Wahudumu wa afya huwaambia akina mama kwamba ni heri kutokunywa kabisa wakati wa kunyonyesha. Huo ni ushauri sahihi. Hata hivyo, ukiishia hapo humwacha mama ambaye tayari amekunywa bila jibu la swali lake: je, nimnyonyeshe sasa, au ningoje? Na kama ni kungoja, ningoje mpaka lini? Jibu lipo. Lakini hesabu inayotolewa katika vitabu vya afya ilitengenezwa kwa bia ya chupa, si kwa kikombe cha plastiki kinachochotwa kwenye jerikeni.

Pombe inafikaje kwenye maziwa

Pombe haihitaji kusagwa tumboni kama ugali. Huingia kwenye damu haraka, na kutoka kwenye damu hupenya hadi kwenye maziwa bila kizuizi. Kiasi cha pombe katika maziwa hulingana kwa karibu na kiasi kilichomo katika damu ya mama. Hufika kilele kati ya dakika 30 na 60 baada ya kunywa, au baadaye kidogo kama mama amekula.

Njia ile ile ndiyo ya kutokea. Ini linapoipunguza pombe katika damu, pombe iliyo kwenye maziwa nayo hurudi kwenye damu. Ndiyo maana kukamua maziwa na kuyamwaga hakusafishi titi. Mama akikamua wakati damu yake bado ina pombe, maziwa mapya yatakayotengenezwa yatakuwa na pombe vilevile. Maji mengi, chai ya rangi, kuoga maji baridi au kulala kidogo, hakuna hata kimoja kinachoharakisha kazi ya ini. Ni muda tu.

Kiasi kinachomfikia mtoto ni kidogo kuliko alichokunywa mama. Tatizo ni kwamba mtoto aliye chini ya miezi mitatu huitoa pombe mwilini kwa karibu nusu ya kasi ya mtu mzima. Kile ambacho mama hakihisi tena, mtoto bado anapambana nacho.

Kipimo kimoja ni kiasi gani?

Kituo cha Marekani cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa hushauri mama angoje angalau muda wa saa mbili kwa kila kipimo kimoja cha pombe kabla ya kunyonyesha. Kinasema pia kwamba kipimo kimoja kwa siku hakijulikani kumdhuru mtoto, hasa mama akingoja muda huo. Lakini kipimo hicho ni gramu 14 za pombe halisi. Ziko katika mililita 350 za bia ya asilimia 5, ambazo hazifiki chupa nzima ya nusu lita. Ziko pia katika mililita 45 tu za waragi ya asilimia 40, yaani vijiko vitatu vya chakula.

Hapo ndipo hesabu inapopotea. Mama anaposema "nilikunywa kikombe kimoja tu," hadanganyi. Kikombe cha nusu lita cha kasiksi nyepesi ya asilimia 5 kina karibu kipimo kimoja na nusu. Kikombe hichohicho, kikijazwa waragi hadi robo tu, kina karibu vipimo vitatu. Chupa ndogo ya plastiki ya mililita 200 ya waragi ya asilimia 40 ina zaidi ya vipimo vinne, na hiyo ni karibu muda wa saa tisa za kungoja.

Pombe ya kienyeji haina karatasi ya kuonyesha asilimia, na nguvu yake hubadilika. Kasiksi ya jana ni tamu kwa sababu sukari ya ndizi bado haijageuka. Ikiendelea kuchacha inapungua utamu na kuongezeka ukali, ingawa kikombe ni kilekile. Kwa hiyo utamu unapopotea, ongeza muda wa kungoja. Na kinywaji chochote kilichokenekwa kwa moto kihesabiwe kama waragi kali, hata kama muuzaji anasema kimechanganywa na maji.

Mfano wa siku ya soko

Tuchukue mama mwenye mtoto wa miezi minne anayenyonya kila baada ya muda wa saa tatu. Saa kumi jioni anamnyonyesha mpaka anashiba. Kisha anakunywa nusu lita ya kasiksi nyepesi taratibu, anamaliza saa kumi na moja. Kipimo kimoja na nusu ni muda wa saa tatu, akihesabu tangu alipomaliza kikombe. Atakuwa tayari kunyonyesha saa mbili usiku.

Lakini mtoto atalia njaa saa moja. Pengo hilo la saa moja ndilo la kupanga mapema. Kabla ya kunywa, si baada ya kunywa, mama anakamua maziwa kwa mikono iliyonawa kwa sabuni na kuyaweka kwenye kikombe safi chenye kifuniko, mahali penye kivuli. Maziwa hayo hukaa mpaka muda wa saa nne kama hewa ni ya kawaida, na pungufu ya hapo siku ya joto kali. Saa moja mtoto anapewa kwa kikombe, taratibu, akiwa ameinuliwa. Chupa ya chuchu ni ngumu kuisafisha pasipo na maji ya kutosha.

Sasa tubadilishe kinywaji. Mama yuleyule, muda uleule, anakunywa mililita 100 za waragi badala ya kasiksi. Hivyo ni vipimo viwili na zaidi, yaani karibu muda wa saa tano. Hatakuwa tayari mpaka saa nne usiku. Mtoto akilia njaa tena kabla ya hapo, atahitaji maziwa yaliyokamuliwa ya zaidi ya mlo mmoja, na maziwa ya saa kumi yatakuwa yamepitwa na muda wake. Kwa mtoto wa miezi minne, hesabu hiyo haiachi nafasi ya kukosea. Kwa mtoto wa mwezi mmoja, anayenyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, hata kikombe cha kasiksi hakina nafasi. Mtoto wa miezi kumi anayekula uji na kulala usiku mrefu anaacha nafasi kubwa zaidi.

Mwili nao una neno. Jedwali lililotayarishwa na watafiti wa Kanada linaonyesha kwamba mwanamke mwenye uzito wa karibu kilo 40 huhitaji karibu muda wa saa tatu kwa kipimo kimoja, si saa mbili. Mama aliyepungua uzito kwa sababu ya chakula kidogo ahesabu hivyo.

Anayepika naye anakunywa

Mpishi wa pombe huonja ili ajue kama imeiva au kama inakeneka vizuri. Funda moja la kinywaji kilichokenekwa ni kama mililita 20, hivyo mafunda mawili au matatu ni kipimo kizima. Akionja asubuhi, mchana na jioni, mtoto wake hapati nafasi ya maziwa yasiyo na pombe siku nzima, ingawa mama haoni kwamba amekunywa. Njia rahisi ni kuonja na kutema, au kumwachia kazi hiyo mwenzake asiyenyonyesha.

Je, pombe ya mtama huongeza maziwa?

Bibi na mashangazi wengi humpa mzazi pombe ya nafaka ili maziwa yashuke. Imani hiyo ina chanzo chake: shayiri inayotumika kutengeneza bia inadhaniwa kuamsha homoni ya kutengeneza maziwa, na matiti huweza kuhisi yamejaa. Lakini pombe yenyewe huzuia homoni inayoyasukuma maziwa yatoke. Watafiti waliopima watoto waliona kwamba katika saa chache baada ya mama kunywa, mtoto hupata maziwa pungufu kwa karibu asilimia 20, hata kama ananyonya mara nyingi zaidi. Uji wa mtama usiochachuka unampa mzazi nafaka bila kilevi.

Dalili kwamba mtoto hapati maziwa ya kutosha zinaonekana nyumbani: analala vipande vipande, ananyonya mara kwa mara bila kutulia, anakojoa chini ya mara sita kwa mchana na usiku, na uzito wake hauongezeki kwenye kadi ya kliniki.

Usiku wenyewe

Hatari kubwa ya usiku huo inaweza isiwe kwenye maziwa. Mama au baba aliyekunywa akilala mkeka mmoja na mtoto, usingizi wake ni mzito na anaweza kumlalia au kumfunika pumzi bila kujua. Muda wa kungoja maziwa hauondoi hatari hiyo. Usiku huo mtoto alale mahali pake, chini ya chandarua, karibu na mtu mzima asiyekunywa.

Na kama mama amekunywa kipimo kimoja, muda haujaisha, maziwa ya akiba hayapo na mtoto mdogo analia njaa? Asimpe maji yasiyochemshwa wala maziwa ya ng'ombe. Kwa mtoto aliye chini ya miezi sita, kuhara kunaweza kuua haraka kuliko pombe kidogo iliyobaki kwenye titi. Mama aliyelewa asiachiwe mtoto, bali mtu mzima mwingine ndiye amshike. Mtoto akiwa mzito kuamka, akishindwa kunyonya au akipumua polepole kuliko kawaida, apelekwe kituo cha afya mara moja na muuguzi aambiwe ukweli kuhusu pombe.

Hesabu hizi zote ni za pombe ya kawaida. Hazifai kwa waragi iliyochanganywa na methanoli, ile iliyoua makumi ya watu wilayani Kabale mwaka 2010. Kichwa kikiuma sana na macho yakiona ukungu baada ya kunywa, usingoje saa zipite wala usimpe mtoto titi. Nenda hospitali.