Asilimia 10 Iliyonidanganya: Kuhesabu Madai ya Bima Mwezi kwa Mwezi

Leo sina simu mpya wala programu ya bure ya kuwaonyesha. Nataka kueleza kosa nililolifanya mwenyewe, kwa sababu najua kuna waundaji programu wengine wanaolifanya hivi sasa bila kujua. Na kosa lenyewe halikuwa la kodi. Kodi yangu ilikuwa safi kabisa! Kosa lilikuwa kwenye hesabu niliyoikubali bila kuuliza.

Dalali mmoja wa bima, mzee mwenye ofisi ya watu wanne, aliniomba nimtengenezee programu ndogo ya kufuatilia madai. Alikuwa akitumia Excel na kila mfanyakazi alikuwa na faili lake. Alichotaka ni ukurasa mmoja: kila mwezi, kwa kila aina ya bima, aone ada zilizoingia, madai yaliyolipwa, na uwiano wa hasara. Uwiano huo ni madai yakigawanywa kwa ada. Ukikusanya shilingi 100 na kulipa madai ya shilingi 60, uwiano ni asilimia 60. Rahisi, sivyo? Nikaandika programu kwa siku tatu. Ikizidi asilimia 70 rangi nyekundu, ikiwa chini rangi ya kijani. Mzee akafurahi, nami nikalipwa.

Sasa tazameni kilichotokea miezi sita baadaye. Nitatumia tarakimu rahisi ili tufuatane, nikichukulia kwamba kila bima inaanza tarehe mosi ya mwezi na kwamba tunaanza na daftari tupu mwezi wa Januari 2025.

Aina ya kwanza ni magari ya kibinafsi, bima kamili. Gari la shilingi 1,200,000 kwa kiwango cha asilimia 4 linalipa ada ya 48,000 kwa mwaka mzima. Januari waliingia wateja 10, yaani 480,000. Februari hakuna aliyeingia. Machi aliingia mmoja, Mei wawili. Jumla ya miezi sita ni 624,000. Madai yaliyolipwa yalikuwa mawili tu: 35,000 mwezi wa Februari na 110,000 mwezi wa Machi.

Programu yangu ilisema nini? Januari, asilimia 0. Februari, kosa la kugawanya kwa sifuri, ambalo nililificha kwa kuandika alama ya mstari. Machi, 110,000 kwa 48,000, yaani asilimia 229. Nyekundu kali! Aprili mstari tena. Mei sifuri. Namba hizi zilikuwa zinarukaruka kama panzi, na mzee akaanza kuwaambia vijana wake wapunguze kutafuta magari ya kibinafsi.

Aina ya pili ni matatu, bima ya mtu wa tatu pekee. Matatu wengi hapa Kenya hununua cheti cha mwezi mmoja mmoja. Alikuwa na matatu 20, na tuseme kila moja inalipa 8,000 kwa mwezi. Hiyo ni 160,000 kila mwezi bila kukosa, 960,000 kwa miezi sita. Madai yaliyolipwa yalikuwa 96,000, fidia za magari ya watu yaliyogongwa. Uwiano: asilimia 10. Kijani kuanzia Januari hadi Juni.

Mzee akachukua karatasi hiyo, akaandikia kampuni ya bima barua ya kuomba wapunguzie matatu zake ada. Alikuwa amekwisha kuwaahidi wenye magari. Jibu lilikuja na taarifa ya madai ya kampuni yenyewe, na humo uwiano wa matatu zile zile ulikuwa asilimia 93. Akanipigia simu.

"Kijana wangu, mbona umenivua nguo mbele ya watu?"

Sikuwa na jibu siku hiyo. Sasa ninalo, na ndilo ninalotaka kulitetea hapa: uwiano wa hasara unaopatikana kwa kugawanya madai yaliyolipwa mwezi huu kwa ada zilizoingia mwezi huu usiwekwe kwenye skrini kabisa. Hata mteja akiuomba. Ada na madai hayo mawili si ya muda mmoja, na ukiyagawanya unapata namba isiyo na maana yenye rangi ya kuvutia.

Tuanze na juu ya fedha, yaani ada. Mteja akilipa 48,000 tarehe mosi Januari, fedha zimeingia zote, lakini kampuni bado inamdai... samahani, bado inadaiwa naye ulinzi wa miezi 12. Kufikia mwisho wa Januari ni 4,000 tu zilizokwisha kufanya kazi. Hizo mimi naziita ada iliyoiva. Zilizobaki ni za hatari ambayo haijafika. Basi kufikia tarehe 30 Juni, wateja 10 wa Januari wameiva kwa 240,000 (miezi sita, 40,000 kila mwezi). Yule wa Machi, 16,000. Wale wawili wa Mei, 16,000. Jumla ni 272,000, wala si 624,000. Gawanya madai ya 145,000 kwa 272,000 upate asilimia 53. Angalia vizuri: si ile 229 ya kutisha, na wala si asilimia 23 ambayo ungepata kwa kutumia ada yote iliyoingia. Ile 23 ni hatari zaidi kwa sababu inapendeza.

Kwenye hifadhidata jambo hili ni swali moja tu. Kwa MySQL:

```sql
SELECT policy_class,
  SUM(premium
    * (DATEDIFF(LEAST(end_date, '2025-06-30'),
         GREATEST(start_date, '2025-01-01')) + 1)
    / (DATEDIFF(end_date, start_date) + 1)) AS earned
FROM policies
WHERE start_date <= '2025-06-30'
  AND end_date >= '2025-01-01'
GROUP BY policy_class;
```

Hapa tunahesabu kwa siku, kwa hiyo wale 10 wa Januari watatoa 238,027 badala ya 240,000. Usishtuke, miezi haina siku sawa. Jaribio la kujua kama umeandika sawasawa ni hili: sogeza tarehe ya mwisho mbele mpaka bima zote ziwe zimekwisha. Ada iliyoiva lazima ilingane na ada iliyoingia, shilingi kwa shilingi. Isipolingana, mara nyingi umesahau ile +1, na kila bima inapoteza siku moja.

Tugeukie matatu. Ada yao haina tatizo, cheti cha mwezi kinaiva ndani ya mwezi ule ule. Ndiyo maana namba zao zilitulia na kuonekana za kuaminika. Ugonjwa ulikuwa upande wa madai. Bampa ya gari lililogongwa hurekebishwa gereji kwa wiki chache na kulipwa. Lakini abiria aliyevunjika mguu ana safari ndefu: polisi, fomu ya P3, hospitali, wakili, mahakama. Sheria inampa miaka 3 tangu ajali kufungua kesi ya uzembe, na kesi yenyewe ina mwendo wake. Bima ya lazima chini ya Sura ya 405 inaweza kuhitajika kulipa hadi shilingi 3,000,000 kwa mtu mmoja. Madai ya namna hii hayaonekani kabisa kwenye safu ya "yaliyolipwa" hadi siku yatakapolipwa.

Kampuni ya bima haingoji siku hiyo. Ajali ikiripotiwa, inafungua faili na kuweka makisio ya kitakacholipwa. Matatu za mzee zilikuwa na mafaili matatu ya majeruhi, yenye makisio ya 400,000, 250,000 na 150,000. Jumla 800,000. Ongeza 96,000 zilizolipwa, gawanya kwa 960,000, na hiyo hapo: asilimia 93. Barua zote tatu za kuarifu ajali zilikuwa ofisini kwa mzee, kwenye kabati. Programu yangu haikuwa na mahali pa kuziandika!

Kuna mambo mawili ya kuangalia ukiongeza makisio. La kwanza, usifute makisio ya zamani na kuandika mapya juu yake. Weka kila badiliko kama safu mpya yenye tarehe yake, la sivyo ripoti ya Machi uliyoichapisha haitalingana na ya Machi utakayoifungua Agosti, na hutaweza kueleza kwa nini. La pili, dai likilipwa nusu, makisio yapungue kwa kiasi hicho hicho. Nilisahau mara moja, nikahesabu shilingi zile zile mara mbili.

Najua mtasema makisio ni ya kubuni, na fedha iliyolipwa ndiyo ukweli. Ni kweli kuwa yanayumba. Ile kesi ya 400,000 ikiisha kwa 150,000, uwiano unashuka kutoka 93 hadi 67, faili moja tu! Lakini kuacha makisio si kuepuka kubuni. Ni kubuni kwamba majeruhi wote watatu watalipwa sifuri, na huo ni ubunifu mbaya kuliko wote. Heshima ni kuonyesha vyote: kilicholipwa, kinachosubiri, na idadi ya mafaili. Na bado zipo ajali ambazo hazijaripotiwa kwa mtu yeyote. Hizo dalali mdogo hana njia nzuri ya kuzikadiria, kwa hiyo mimi nimeandika juu ya safu: "yaliyoripotiwa tu".

Skrini ya mzee sasa bado inatoka kila mwezi kama alivyotaka. Ila namba kubwa ni ya miezi 12 iliyopita: madai ya ajali zilizotokea ndani ya muda huo, yaliyolipwa pamoja na makisio, yakigawanywa kwa ada iliyoiva ndani ya muda huo huo. Kwa sasa ni ya miezi iliyopo tu, na imeandikwa hivyo. Ada iliyoingia mwezini ipo kando, kwa ajili ya kamisheni yake, na haigawanywi na kitu. Rangi nimezitoa kwa aina yoyote yenye bima chache, maana kwenye magari 13 ajali moja inabadilisha kila kitu na hakuna funzo lolote ndani yake.

Mzee hakupata punguzo. Ilibidi arudi kwa wenye matatu awaeleze kwamba ahadi imekufa, na mmoja alihamisha magari yake manne. Hilo ni langu. Kwa hiyo ukiombwa programu kama hii, kabla ya kuandika mstari wa kwanza omba kabati lifunguliwe, uhesabu barua za ajali ambazo hazijalipwa. Kama programu yako haina mahali pa kuziweka, hiyo asilimia usiichapishe.