Bando la wiki limeisha kabla ya adhuhuri

Mhariri,

Naiuliza kampuni yangu ya simu: data yangu ilienda wapi? Tarehe 3 Machi, saa mbili asubuhi, nilinunua bando la siku saba, GB 2 kwa shilingi 300. Kabla ya adhuhuri nikaarifiwa limeisha. Mipangilio ya simu ilionyesha nimetumia MB 164 tu, nyingi za WhatsApp. Hotspoti ilikuwa imezimwa, na programu hazijisasishi zenyewe. Hesabu ya simu na ya mtandao hutofautiana kidogo, lakini si kwa zaidi ya GB 1.8! Huduma kwa wateja walisema tu, “Umetumia.” Basi nipewe rekodi ya matumizi, saa kwa saa, tulinganishe. Wakikataa, nitalalamika kwa Mamlaka ya Mawasiliano.

Msomaji,
Leparua, Isiolo