Dada Staa, Sheli Haijakuibia: Mwizi wa Mafuta Umempanda Mwenyewe Juu ya Paa

Wadau, wiki hii klipu ni moja tu. Mwanadada mmoja wa mjini, jina nalihifadhi maana mashabiki zake wana hasira za karibu, kajirekodi ndani ya gari yake analia kwamba sheli moja imemuibia. Anasema kaweka mafuta ya elfu sitini Jumatatu, Jumatano taa imewaka. Komenti elfu na ushee, wote wanaitukana sheli. Wengine wanataka iandamwe.

Mimi nimeangalia ile klipu mara tatu, na siyo kwa ajili ya nyusi. Nimeiangalia gari. Ni IST, ya kawaida kabisa, ndogo kama tunavyoijua. Juu ina keria yenye boksi jeusi. Nyuma kuna sabufa inayojaza buti nzima. Vioo vimepandishwa juu, kiyoyozi kinapuliza mpaka nywele zinacheza, na gari IMESIMAMA. Injini inaunguruma wakati bibie anatuelezea kuhusu wizi. Pale alipotoka kutuonyesha ubavuni, tairi ya nyuma imekaa kama chapati.

Halafu lawama kwa sheli. Hapana jamani.

Sikatai, sheli za michongo zipo. Ila ukitaka kumshika mwizi, jiulize kwanza mafuta yanaishia wapi: kwenye foleni au barabara kuu? Maana hivi vitu vinne, yaani upepo wa tairi, mzigo wa paa, kiyoyozi na uzito, havili sawa na havili sehemu moja. Watu wanavichanganya vyote kwenye sufuria moja na ndiyo maana ushauri wa mitandaoni hausaidii.

Nianze na keria, maana hapo nina ushahidi wangu mwenyewe. Mtoto wa shangazi yangu ana IST ya 1.3, anaenda kuuza nguo kwenye matamasha. Vyuma vya hema lake pamoja na turubai vinakaa juu ya paa mwaka mzima, hata wiki ambayo hana tamasha. Alikuwa analalamika kama huyu dada. Nikamwambia kaka, tupime.

Tulijaza tenki Kibaha mpaka pampu ikajizima yenyewe, tukarudisha kilomita za safari kwenye sifuri, tukaenda Chalinze na kurudi kwa spidi ya 90 hivi, kiyoyozi kimezimwa, tukajaza tena pampu ile ile. Kilomita 142, zikaingia lita 10.7. Wiki iliyofuata tukashusha vyuma na keria yenyewe, tukalaza siti ya nyuma, vitu vyote vile vile tukavipakia NDANI. Kilomita 142 tena. Zikaingia lita 9.2.

Lita moja na nusu imepungua, na uzito wa gari haujabadilika hata kilo moja. Hapo ndipo watu wanapokosea. Wanadhani mzigo wa paa unakula mafuta kwa sababu ni mzito. Unakula kwa sababu unapigana na upepo. Gari imechongwa ili hewa iteleze juu yake, wewe unaweka ukuta pale pale hewa inapopita. Na upepo hauongezeki taratibu: ukitoka spidi 50 kwenda 100, nguvu ya upepo inayokusukuma nyuma inakuwa mara nne, siyo mara mbili. Ndiyo maana boksi la paa likiwa Sinza kwenye foleni halina madhara makubwa, lakini ukilipeleka Morogoro linakula kama mchwa. Idara ya Nishati ya Marekani inasema boksi kubwa la paa linaweza kukupotezea asilimia 10 mpaka 25 kwenye barabara za mwendo wa kasi, yaani kuanzia 105 hivi. Kwetu ilitoka kama asilimia 14, na sisi tulikuwa 90 tu.

Tufanye lita ni 3,000 kwa urahisi wa hesabu. Hiyo ni 4,500 kila safari kama ile. Keria tupu nayo inakula, kidogo kuliko ikiwa na mzigo, lakini inakula. Kama umeifunga ili gari ionekane ya kibabe kwenye picha, sawa, ila jua unailipia.

Angalizo kwa watakaopima: pampu ikijizima mapema au ikichelewa, inaweza kukudanganya hata nusu lita. Kwa hiyo ukipima kwa kilomita 20 hujapima kitu. Nenda zaidi ya 100, na utumie pampu ile ile, gari imesimama upande ule ule.

Sasa kiyoyozi. Huyu dada, kwa posti zake mwenyewe, anaishi kwenye foleni. Saluni, studio, Masaki, kurudi Sinza. Mwizi wake mkubwa yuko hapa. Kompresa ya kiyoyozi inazungushwa na mkanda wa injini, na injini ikiwa ndogo inausikia huo mzigo. Unaweza kuusikia hata wewe: gari ikiwa imesimama, bonyeza kitufe cha A/C, utasikia mlio umebadilika na mshale wa mizunguko umecheza. Yale ni mafuta yameongezeka ili gari isizime. Ukiwa barabarani unakimbia, gharama hiyo unaigawanya kwa kilomita nyingi. Ukiwa umesimama nje ya studio saa nzima unasubiri zamu, unachoma mafuta ukiwa kwenye kilomita SIFURI. Saa moja ya hivyo inaweza kumeza karibu lita nzima. Fanya kila siku, wiki nzima, halafu njoo utuambie sheli.

Wale wale wa Marekani wanasema kwenye joto kali, hasa safari fupi fupi, kiyoyozi kinaweza kupunguza kilomita zako kwa zaidi ya robo. Safari fupi ndiyo mbaya zaidi kwa sababu gari iliyokaa juani inawaka kama tanuru, kiyoyozi kinapigana kwa nguvu zote kupoza siti na dashibodi, na ukishapoa tu umefika. Kabla hujakiwasha fungua milango dakika moja, joto litoke bure. Kisha washa, na ikishapoa bonyeza kile kitufe chenye mshale unaozunguka ndani ya picha ya gari, kipoze hewa ya ndani ambayo tayari ina ubaridi badala ya kuvuta moto wa nje kila sekunde.

Najua mtasema Dar hii bila kiyoyozi tutakufa. Sijasema uzime. Kwenye mwendo mdogo shusha vioo, kwenye spidi pandisha vioo na uwashe, maana vioo wazi ukiwa 100 vinaleta upepo ule ule niliousema kwenye keria. Nachosema ni injini kuwaka kwenye gari iliyopaki ili utengeneze klipu.

Tairi sasa, na hapa nitawaudhi na upande wa pili. Kuna wataalamu wa mtandaoni wanasema ukijaza upepo vizuri utaokoa nusu ya mafuta. Waongo. Kila PSI moja inayopungua kwenye tairi zote nne inakula kama asilimia 0.2. Tulipopima IST ya ndugu yangu kabla ya ile safari, mbele zilikuwa 25 na 26, nyuma 22 na 23, wakati kibandiko cha gari yake kinataka 32. Kwa wastani zimepungua 8, yaani asilimia moja na nusu hivi. Kwa mtu anayetumia lita 100 kwa mwezi ni lita moja na nusu. Siyo utajiri, ila upepo ni kitu cha dakika tano. (Tulijaza kabla ya kupima keria, msije mkanishika hapo.)

Ubaya halisi wa tairi laini ni kwamba inajikunja kila inapozunguka, na kule kujikunja kunageuka joto. Ukiongeza watu watano na mizigo, kwa spidi ya barabara kuu, joto hilo ndilo linalopasua tairi. Dalili yake utaiona mapema: tairi inaliwa pembeni zote mbili na katikati bado ina meno.

Kibandiko kipo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Gari zetu nyingi zimetoka Japani, kwa hiyo maandishi ni ya Kijapani, lakini namba zinasomeka. Tafuta kPa. Ikiandikwa 220, gawanya kwa 6.9, unapata 32 kwenye geji ya fundi pancha. Ile namba kubwa iliyochongwa kwenye tairi yenyewe ni kikomo cha tairi, siyo ya gari yako. Ukijaza kwa hiyo gari itadunda, itashika barabara vibaya, na tairi italiwa katikati. Pima asubuhi kabla hujatembea. Tairi ikishapata moto geji inasoma juu zaidi, na ukitoa upepo hapo utaamka kesho na tairi laini.

Uzito nitaupitia haraka. Kilo 45 za ziada zinakula kama asilimia moja kwa gari ya wastani, na kwa gari ya tani moja kama IST ni zaidi kidogo. Sabufa na boksi lake, majeki mawili, katoni za maji za shughuli ya mwezi jana, hizo kilo 60 zinafika bila wewe kujua. Zinakuuma kwenye foleni, kwa sababu kila ukiondoka unalipa kuzisukuma, na kila ukikanyaga breki umeitupa hela uliyolipa. Kwenye tambarare ukienda mwendo mmoja, hazionekani sana. Panda Kitonga ndiyo utazikumbuka.

Kwa hiyo kesi ya dada yetu mimi naisoma hivi: foleni kila siku na injini inawaka imepaki, kiyoyozi ndiyo namba moja. Uzito wa sabufa unafuata, tairi zinachangia kidogo, na lile boksi linamsubiri siku akienda Morogoro kwenye shoo. Akizima injini akiwa amepaki, akajaza upepo, akashusha sabufa wiki moja, halafu akapima kwa fulu tenki na bado mafuta yanayeyuka, hapo ndiyo aende kwa fundi akaangalie plagi na breki zinazobana. Zikiwa salama, sheli ile airipoti Wakala wa Vipimo, ndio wanaokagua pampu, na mimi mwenyewe nitaiposti hapa.

Mashabiki zake najua mnakuja. Karibuni, ila msije na matusi tu. Njooni na kilomita, lita na PSI za gari zenu, wekeni hapo kwenye komenti tulinganishe.