Kuhesabu Pointi Si Kucheza

Leo shela na magauni ya harusi yatusubiri kidogo. Nipo Bariadi kwa kaka yangu, nimeleta mzigo wa vitambaa, na nimekuta jambo limenikera.

Binti wa kaka yangu anatumia kiti cha magurudumu. Nikamuuliza, "Mwanangu, kipindi cha mpira wa wavu mnachezaje?" Akanijibu, "Shangazi, mimi nahesabu pointi." Mwaka mzima! Nikaenda kumuona mwalimu wake. Akaniambia kwa upole, "Dada, tunamhurumia, asije akaumia." Mimi nasema huruma hiyo imemnyima mtoto somo. Angemnyima kalamu kwenye hesabu, tungenyamaza?

Wengine watasema mchezo huu ni wa kuruka. Si lazima. Upo mpira wa wavu wa kukaa, unaochezwa Paralimpiki, na mwaka 2016 wanawake wa Rwanda, majirani zetu hapa, waliucheza Rio. Uwanja wake ni mita 10 kwa 6, na wavu wa wanawake una kimo cha mita 1.05. Sheria kubwa ni moja: unapougusa mpira, makalio yawe chini. Basi darasa lote likae chini. Asibadilishiwe yeye peke yake, ubadilishwe mchezo wa wote.

Tena hauhitaji fedha nyingi. Uwanja wa kawaida una urefu wa mita 18. Funga kamba moja kwa urefu huo, katikati, kimo cha mita moja hivi, na kila mita 6 isimamishe kwa mti, maana itabonyea. Ukiongeza nusu mita kila ubavu, umepata viwanja vitatu, na watoto 36 wanacheza kwa pamoja, sita kila upande. Darasa likiwa na watoto 48, kumi na wawili wanapokezana na wenzao kila baada ya dakika chache. Ning'iniza vipande vya kitambaa kwenye kamba, ili ionekane mpira umepita juu au chini. Mipira ikiwa haitoshi, shona mfuko wa kitambaa chepesi, tia puto ndani, kisha ulipulize. Huenda polepole, na mwanafunzi anayeanza anauwahi. Siku ya upepo mkali lakini hautafaa.

Kabla ya mpira, watoto wajifunze kusogea kwa mikono, maana hapa mikono ndiyo miguu. Binti yetu anasukuma magurudumu kila siku, mabega yake ni imara. Hapo wenzake ndio watakaomfuata yeye.

Kushuka kwenye kiti kuna adabu yake. Kwanza aulizwe mwenyewe anashukaje. Breki zifungwe, sehemu ya kuwekea miguu iondolewe, na asinyanyuliwe kwa kwapa kama gunia. Ardhi ifagiliwe miiba, itandikwe turubai au mikeka, na mchezo uwe asubuhi kabla chini hakujapata moto. Asiyehisi miguu yake hatajua ameungua au amechubuka, kwa hiyo mama au mwalimu wa kike amkague ngozi baadaye. Kama hawezi kukaa bila kuegemea, asilazimishwe. Darasa lote litoe viti nje, wacheze wakiwa wamekaa vitini, naye abaki kwenye kiti chake. Kamba ipandishwe, hadi akinyoosha mkono kiganja chake kiipite.

Sasa upande wangu mimi fundi. Sketi ndefu ikiburuzwa chini hupanda, na kwenye kiti huingia kwenye gurudumu. Washoneeni wasichana wote suruali pana yenye lastiki kifundoni, na gauni la kufika magotini lenye mpasuo pembeni. Hijabu iwe ya kuvaa, isiyo na pini. Hapo hakuna wa kukaa pembeni kwa kuogopa kufunuka.

Na msidanganyike kwa kumwona yumo uwanjani tu. Hesabuni ameugusa mpira mara ngapi kwa dakika kumi. Wenzake wakiwa wameugusa mara kumi na tano na yeye mara mbili, bado ni mtazamaji. Dawa yake si kuwaamuru wampasie kwa huruma. Punguzeni timu iwe watu watatu kwa watatu, na uwanja uwe mdogo zaidi, hapo mpira utamfikia wenyewe. Na zamu ya kuanzisha mpira imfike kama inavyowafika wengine. Ukimshinda nguvu, asogee karibu na kamba.

Mama mwenye mtoto kama huyu, ukienda kikao cha wazazi usiulize kama anashirikishwa, maana utaambiwa ndiyo. Uliza: leo ameugusa mpira mara ngapi?

Wabillahi tawfiq.