Bei ya gazeti haisomwi upande mmoja

Majuzi nilikuwa nikifundisha somo la bei na gharama wakati mwanafunzi mmoja aliponiuliza swali lililonikwamisha kwa muda. "Mwalimu," alisema huku akiinua gazeti la siku hiyo, "umetuambia kwamba auzaye chini ya gharama hana budi kufilisika. Mbona magazeti aghalabu yameuzwa hivyo, na wenyewe wakatajirika?"

Waama, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Gazeti lina wateja wa aina mbili: msomaji anayenunua habari, na mwenye bidhaa anayenunua macho ya msomaji huyo. Wanauchumi huliita soko la namna hii soko la pande mbili. Wafaransa wawili, Jean-Charles Rochet na Jean Tirole, walilichambua katika makala yao ya mwaka 2003, na Tirole akaja kupewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2014. Hata hivyo, wafanyabiashara walikuwa wameling'amua jambo hili zamani. Mnamo Septemba 3, 1833, Benjamin Day alianza kuuza gazeti lake la Sun jijini New York kwa senti 1, ilhali magazeti makubwa ya huko yaliuzwa kwa senti 6. Tegemeo lake lilikuwa matangazo.

Nilichukua chaki nikawapigia wanafunzi hesabu ya kubuni. Tuseme kila nakala hugharimu shilingi 50 kuichapisha na kuisambaza. Ikiuzwa kwa shilingi 60, wanunuzi ni 20,000. Ikiuzwa kwa shilingi 40, ni 40,000. Na kwa shilingi 20, ni 60,000. Bila matangazo, bei ya 60 inaleta faida ya shilingi 200,000, na bei ya 40 inaleta hasara ya 400,000. Hapo mwanafunzi wangu ana haki ya kushangaa.

Sasa tuwaingize wenye matangazo, ambao wako tayari kulipa shilingi 50 kwa kila nakala inayomfikia msomaji. Kwa bei ya 60, kila nakala huleta faida ya shilingi 60, na jumla yake ni 1,200,000. Kwa bei ya 40, mchapishaji anapoteza shilingi 10 kwa msomaji lakini anapata 50 kwa mwenye tangazo. Anabaki na 40, na mara nakala 40,000 ni shilingi 1,600,000. Ile hasara ya upande mmoja ndiyo iliyoinua faida ya upande wa pili.

Je, basi ashushe bei hadi 20? La hasha! Atapata nakala 60,000, lakini kila moja itamwachia shilingi 20 tu, na atarudi kwenye 1,200,000. Ruzuku ina kikomo chake. Inamfaa yule anayekimbia upesi bei ikipanda, mradi kuwapo kwake kuna thamani kwa anayelipa upande wa pili. Msomaji aliyeongezwa ambaye mwenye tangazo hamtaki ni mzigo mtupu.

Ndiyo maana anayechunguza ushindani wa biashara hapaswi kuiona bei iliyo chini ya gharama na kukata shauri papo hapo kwamba inakusudiwa kuwaua wapinzani. Ni sharti kwanza ajumlishe mapato ya pande zote mbili.

"Na mwenye tangazo akiondoka, Mwalimu?" aliuliza yule yule. Tulirejea ubaoni. Matangazo yakishuka hadi shilingi 10 kwa nakala, bei ya 40 haileti hata senti moja ya faida, lakini bei ya 60 inaleta 400,000. Mchapishaji atapandisha bei, na nusu ya wasomaji watatoweka. Wala hili si la kubuni tu. Matangazo mengi yamehamia kwenye mitandao ya Google na Facebook. Hapa kwetu, Februari 2017, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, serikali iliziagiza idara zake ziache kutangaza katika vyombo vya habari vya kibinafsi. Anayeushika upande unaolipa anaweza kulitikisa gazeti bila kugusa neno hata moja lililoandikwa ndani yake.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye hatari kwetu sisi walimu. Tumezoea kuilaumu tamaa ya mchapishaji kila bei inapopanda, tusijue kwamba kwa muda mrefu tulikuwa tukilipiwa na muuza sabuni. Maktaba ya shule yetu ilikuwa ikinunua nakala tatu kila siku; sasa inanunua moja, na wanafunzi huisoma kwa zamu. Tukiikata na hiyo, tutampunguzia mchapishaji wasomaji, na aliyebaki na matangazo naye atapata sababu ya kwenda zake.