Bei ya kukadiria kwa jicho inaumiza fundi na mnunuzi

GOMA. Mama anafika atelie na kuomba kitanda. Fundi anatazama juu kidogo, kisha anataja bei. Mama anakata nusu, wanakutana katikati, avansi inatolewa. Wiki mbili baadaye fundi anasema mbao zimeisha, ongeza makuta. Hapo kelele zinaanza: mama anamwita fundi mwizi, naye fundi anamwita mama mchoyo. Kwa familia iliyokimbia vita na kuanza nyumba upya, avansi hiyo pengine ndiyo akiba yote.

Kosa ni la bei yenyewe, kwani haikuhesabiwa.

Tuchukue kitanda cha godoro la mita 1.40. Vibao vya kubeba godoro ni 12, na ubao mmoja una mita 4. Ukikatwa, unatoa vibao viwili tu vya mita 1.40, na kipande cha mita 1.20 kinabaki. Kwa hiyo vibao 12 vinakula mbao 6, hata kama mnunuzi akipima kitanda ataona mbao 4 na kidogo tu. Hapo fundi hajaiba. Lakini godoro likiwa la mita 1.20, vibao vya mita 1.25 vinatoka vitatu kwa kila ubao, na mbao 4 zinatosha. Fundi asiyemwambia mnunuzi jambo hilo mapema anamnyima haki yake.

Tuseme ubao ni dola 4. Kitanda cha 1.40, pamoja na miguu, mbavu na kichwa, kinaomba mbao 10: dola 40. Kazi ya siku tatu kwa dola 8 kila siku ni 24. Misumari, gundi, msasa na vernisi ni 8. Chukudu ya kufikisha nyumbani ni 3. Jumla ni dola 75.

Mnunuzi anayelazimisha 60 hapunguzi bei ya mbao, kwani muuza mbao hakubali. Anapunguza siku za fundi na vernisi. Kitanda kitapakwa mara moja bila kupigwa msasa vizuri, na mkono utakionyesha: ukipitisha kiganja, kinakwaruza.

Mafundi nao waache mchezo mmoja. Vile vipande sita vya mita 1.20 vimelipwa na mnunuzi. Kuviuza kuni au kuvitengenezea kigoda cha mteja mwingine bila kusema ni kulipwa mara mbili. Virudishwe, ama bei ishuke.

Na chukudu iandikwe pia. Barabara za mawe ya volkano zinavunja miguu ya kitanda, na asiyekubaliana mbele nani atalipa, atagombana mlangoni.

Mistari minne kwenye karatasi inatosha: mbao, siku, vernisi, usafiri. Fundi anayekataa kuiandika asipewe avansi.