Vipande 12 ni Sufuria Ngapi?

Shangazi yangu ni mweka hazina wa chama cha akina mama pale Ngaremara. Kila mwezi wanachanga, na anayefikiwa na zamu hapewi pesa mkononi, ananunuliwa vyombo vya jikoni. Walikubaliana hivyo wenyewe, kwa sababu pesa taslimu ilikuwa inaishia kwa karo na deni la duka kabla haijalala. Mwaka jana akaona tangazo kwenye stetasi ya WhatsApp: "Seti ya sufuria vipande 12, bei 4,800 tu." Picha ilikuwa na sufuria zinazong'aa, chupa ya chai, miko, na jiko la gesi kwa nyuma. Akalipa. Siku ya pili boksi likashushwa na matatu barabarani.

Ndani kulikuwa na sufuria 6 na vifuniko 6. Basi.

Muuzaji hakuiba. Sita na sita ni kumi na mbili, na ndivyo viwanda vingi vinavyohesabu: kila kinachotoka peke yake ni kipande, kifuniko pia. Lakini akina mama walikuwa wameambiwa vipande 12 na wakaona 6 za kupikia. Hawakumuuliza muuzaji, walimuuliza shangazi. "Mama, zile zingine ziko wapi?" Ilimchukua mikutano miwili kuwaeleza, na sidhani kama wote walimwamini.

Aliwaonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu, ukamsaidia nusu tu. Ujumbe ule unasema kiasi, jina la aliyepokea, tarehe, saa na nambari ya muamala. Hausemi umenunua nini. Ukilipa kwa tili, hakuna hata mahali pa kuandika jina la bidhaa. Kwa hivyo ushahidi pekee wa kilichokubaliwa ni lile tangazo, na lile la stetasi hupotea baada ya saa 24. Mimi nilisomea masoko chuoni, na semista nzima tulifundishwa kuvuta jicho la mteja. Sikumbuki hata somo moja la kuhesabu vifuniko.

Maoni yangu ni haya: neno "vipande" lisiwe kichwa cha tangazo la seti. Taja chombo chenyewe na idadi yake. "Sufuria 6 na vifuniko vyake 6" ni maneno machache tu, na hakuna mtu atakayeyasoma vibaya. Kama unataka kuweka jumla, iweke mwishoni, baada ya mtu kujua imetoka wapi. Vijiko ni vivyo hivyo. Seti ya 24 mara nyingi ni ya watu 6: visu 6, uma 6, vijiko vikubwa 6 na vya chai 6. Anayesoma "vijiko vipande 24" anafikiria wageni 24 kwenye harusi, na uma hatazitumia kamwe.

Wauzaji niliowaambia hili walinijibu kitu ambacho si cha kupuuza. Jirani yake akiandika vipande 12 na yeye akaandika sufuria 6, kwa bei ileile, mteja atakimbilia kwa jirani. Ni kweli, 4,800 ukigawa kwa 12 ni shilingi 400 kila kipande, na ukigawa kwa 6 ni 800. Ya kwanza inapendeza. Lakini tofauti hiyo iko kwenye karatasi tu, na siku boksi linafunguliwa inageuka kuwa simu ya lawama. Afadhali uwape watu kitu cha kulinganisha ambacho jirani hajaandika, na kwa sufuria kitu hicho ni ukubwa.

Ukubwa ndio unaoachwa kila mara. Sufuria sita zinazoingiana zinapendeza kwenye picha, ila ya mwisho inaweza kuwa ya kuchemsha maziwa ya mtoto mmoja. Chukua rula, pima mdomo wa kila sufuria kutoka ukingo mmoja wa ndani hadi mwingine, andika sentimita. Kisha jaza maji kwa chupa ya lita moja, ukihesabu mpaka yafike karibu na ukingo. Sufuria yenye mdomo wa sentimita 20 na kina cha 9, kama pande zake zimenyooka, hubeba lita 2.8 hivi ikijaa kabisa. Kwa kupika toa kidogo, maana ugali hausongwi kwenye sufuria iliyofurika. Kazi hii ni ya nusu saa, unaifanya mara moja kwa kila aina ya seti.

Picha nayo ni sehemu ya tangazo, hata kama hukukusudia. Lile jiko la gesi lilikuwa pambo tu, lakini mama mmoja wa chama alikuwa ameshapanga litakapokaa. Ondoa kisichouzwa, panga vyote vinavyouzwa kwenye mkeka, piga picha moja ambayo mtu anaweza kuhesabu kwa kidole. Kama lazima jiko libaki, andika kwamba halimo. Wanaouza jiko la mtungi wa kilo 6 wana mtego wao hapa: wengine wakisema "kamili" wanamaanisha mtungi, kichomeo na kikalio, wengine wanaongeza na gesi yenyewe ndani. Sema kama mtungi umejaa au ni mtupu.

Baada ya yale mambo nilimuandikia binamu yangu, ambaye pia anauza vyombo, tangazo la seti yake. Lilitoka hivi: "Seti ya jikoni, 5,600. Ndani: sufuria 6 za alumini, mdomo sm 16, 18, 20, 22, 24 na 26. Vifuniko 6, kimoja kwa kila sufuria. Chupa ya chai 1, lita 1.8. Miko 2 ya mbao. Upawa 1. Jumla ya vitu 16. Jiko halimo. Rangi ya chupa: nyekundu au bluu, inategemea iliyopo. Nauli ya matatu hailipwi ndani ya bei hii." Jumlisha mwenyewe: 6, na 6, na 1, na 2, na 1. Ikikataa kufika 16, kuna kitu kimesahaulika, na ni bora ukigundue wewe.

Halitumii tu kwenye stetasi. Mtu akiuliza bei, anamtumia tangazo lote kwenye mazungumzo, anangoja ajibu "sawa", ndipo anatoa nambari ya tili. Sasa orodha na malipo vinakaa kwenye simu mbili. Wakati wa kufunga boksi anasoma orodha ileile kwa sauti akiweka kitu kimoja kimoja, na nakala ya karatasi inakaa juu. Chupa za lita 1.8 zikiisha na zimebaki za lita 1, anabadilisha tangazo kabla ya kupokea pesa ya mtu mwingine, si baada.

Kwa anayeuza sokoni Isiolo mjini mengi ya haya ni kazi bure, maana mteja anagonga sufuria kwa kucha na kuondoka nayo. Huku Ngaremara mteja hulipa kwanza, boksi huja baadaye, na kulirudisha ni nauli nyingine.

Mwezi uliopita shangazi aliagiza tena, safari hii kwa binamu. Boksi alilifungulia katikati ya mkutano, karatasi mkononi, akina mama wakihesabu pamoja naye hadi 16.